Milimita Nne za Shemeji

Mwanamke aliyekata mawe miaka kumi na tisa bila kukosea alianza kukosea Jumatatu moja asubuhi, na wiki hiyohiyo alikuwa amenunua miwani ya kusomea. Sasa chukua watu ishirini wanaopenda maneno kuliko kazi, wape mambo hayo mawili kwa pamoja, uone kama watahitaji hakimu. Kesi ilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Macho ya Bi Wembe yamezeeka.

Jina la Wembe hakujipa mwenyewe. Alipewa na karakana, kwa sababu jiwe likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka mpaka unaogopa kulishika. Kaunta za jikoni, ngazi, vizingiti vya madirisha, mawe ya makaburi, yote aliyakata yeye. Wafu wa mji ule walilala chini ya kazi yake na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Walio hai ndio wenye matatizo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo mpaka linatia hasira. Milimita nne, basi. Kipande cha sentimita sitini kinatoka sentimita hamsini na tisa na milimita sita. Kama kingetoka kimepinda, au leo kimepungua na kesho kimezidi, mtu angesema mkono umetetemeka. Hapana. Kila kipande, kirefu kwa kifupi, kinene kwa chembamba, kilipungua milimita nne zilezile. Mteja mmoja alipiga simu kusema kaunta yake imeacha ufa ukutani, na mende wanapita humo wawili wawili wakisalimiana.

Bi Wembe alikuwa na njia moja ya kukata, na hakuibadilisha hata mara moja. Bamba la jiwe linawekwa juu ya meza ya mashine. Anapima kwa tepu kutoka ukingo wa kulia, ambao tayari umenyooshwa, anatia alama ya penseli. Juu kabisa, kwenye boriti ya chuma, ipo taa ya leza inayotazama chini wima na kuchora mstari mwekundu juu ya jiwe. Mstari ule ndio unaoonyesha mahali diski itakapopita. Anasukuma jiwe mpaka alama ya penseli ikae juu ya mstari, anabonyeza kitufe, leza inazimika yenyewe, maji yanamwagika, diski inaingia kazini. Jiwe likishakatwa linanyanyuliwa na kupelekwa meza ya kupimia, lingine linapanda. Hapakuwa na nafasi ya kukaa kulitazama kama bibi harusi.

Ndiyo maana alipoambiwa amekosea, hakuelewa amekosea wapi. Alama ilikuwa juu ya mstari. Aliiona. Au alidhani ameiona, maana mtu akikwambia mara kumi kwamba huoni, mara ya kumi na moja unaanza kupapasa.

Aliyesema mara nyingi kuliko wote alikuwa Shemeji.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Bosi. Kwa hiyo alikuwa shemeji wa mtu mmoja tu, lakini karakana nzima ilimwita hivyo, hata wanaume ambao hawakuoa kwao na hawakuwa na mpango huo. Cheo chake kilikuwa fundi wa mitambo. Alitembea na mkanda wa zana kiunoni uliolia kama ng'ombe mwenye kengele, na kwa kusikia ule mlio watu walipata muda wa kuonekana wanafanya kazi. Aliwahi kuitengeneza feni ya ofisini, na tangu siku ile ilipuliza dari. Lakini nani amseme? Bosi anarudi nyumbani kila jioni, na nyumbani kuna dada yake Shemeji.

Wiki tatu nyuma, leza ya zamani ilikufa kwa kuliwa na tope la mawe. Diski inaporusha maji, inarusha na unga wa jiwe, na uchafu ule ulipanda juu ukaganda kwenye jicho la taa. Ikanunuliwa mpya. Shemeji akasema hii haitakufa, akaizibia kwa chini na kioo. Tuseme ukweli hata kama unauma: wazo lilikuwa zuri. Alipata kipande cha mlango wa duka uliovunjwa, kioo kinene cha milimita kumi na mbili, akakitengenezea reli mbili za chuma ili kiingie na kutoka kama droo. Na hakukilaza, alikiinamisha upande ili tope liteleze kwenda kulia badala ya kutuama juu yake.

"Digrii arobaini na tano kamili," alitangaza, akimwonyesha kila aliyepita pembemraba yake, kifaa chake cha kupimia pembe. "Si arobaini na nne, si arobaini na sita."

Na kila asubuhi, mbele ya watu, aliikagua leza. Jiwe la mwisho la jana liliachwa mezani likiwa limekatwa nusu, mkato unaonekana. Shemeji anapanda ngazi, anachomoa kioo kwa sababu kimechafuka, anakifuta kwa kitambaa, anakibana kwapani. Halafu anawasha leza. Mstari mwekundu unashuka na kutua juu ya mdomo wa kulia wa mkato, sawasawa, kama ulizaliwa pale.

"Leza ina kosa?" anauliza kutoka juu.

"Haina," wanajibu wenye kazi zao nyingine.

"Mashahidi ni nyinyi." Anazima leza, anarudisha kioo, anashuka. Kisha anamtazama Bi Wembe kwa huruma ile ya daktari wa wanyama anayetazama punda mzee. "Dada, miwani yako umepima wapi?"

"Dukani."

"Ahaa," anasema Shemeji, na kuondoka akilia kengele.

Bi Wembe alilichunguza jambo hilo kwa akili zake zote. Alifikiri labda leza imekaa upande, ndipo akakumbuka kwamba taa iliyokaa upande huongeza kosa kadiri jiwe linavyokuwa mbali nayo. Akapima. Jiwe nene la sentimita tano, ambalo liko karibu na taa, lilipungua milimita nne. Jiwe jembamba la sentimita mbili, milimita nne. Akamwomba Shemeji ainue taa na kioo chake nusu mita zaidi. Shemeji akainua, kwa shingo upande na kwa miguno mingi. Milimita nne. Akakata bila miwani. Milimita nne. Akafunga jicho la kushoto, akafunga la kulia. Ikabaki kufunga yote mawili, na huenda hata hapo zingekuwa nne.

Nyumbani mumewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliamua kumpima mwenyewe wakati wa kifungua kinywa. Alisimama mlangoni mwa jiko akainua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Kimoja, na kucha yake chafu."

Akaleta sindano ndogo kuliko zote na uzi mweusi. Bi Wembe akautia mara ya kwanza, bila miwani, huku chai yake inapoa. Mume akaitazama sindano, akamtazama mke. "Wewe macho unayo," akasema. "Labda kuna mtu anayekuchukia."

"Anayenichukia ni jiwe."

Alicheka, lakini baada ya mume kwenda kibandani alikaa pale mezani na hofu yake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Hakuogopa kuwa mzee, wazee wako wengi tu na wanakula vizuri. Aliogopa kutolewa kwenye mashine. Ile mashine ndiyo mahali pekee duniani ambapo akisema "hapa" inakuwa hapo hapo.

Jumanne Bosi akamwita ofisini. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyechukia ugomvi kiasi kwamba aliusababisha kila siku kwa kuukimbia. Feni ilipuliza dari. Shemeji alikuwa amekaa pembeni, kwenye kiti kizuri.

"Bi Wembe," alianza Bosi, akipanga kalamu ambazo zilikwisha kupangwa. "Alhamisi linaingia lile bamba jeusi la kaunta ya mapokezi ya hospitali. Ni moja. Halina mwenzake. Likikatwa fupi, hakuna wa kuliunga."

"Najua, Bosi."

"Sasa watu wanasema."

"Watu gani?"

Bosi akamtazama Shemeji bila kutaka, kama mtu anayekanyaga tope. "Watu," akasema. "Nimekuandikia barua kwa daktari wa macho. Nenda kesho. Akisema uko sawa, utakata. Akisema hauko sawa, utahamia kung'arisha, na mashine ataishika shemeji yangu. Kwa muda."

Kwa muda. Kung'arisha kulikuwa nyuma, kwenye bwawa la tope, kazi ya kuinama siku nzima ukisugua. Aliyewahi kwenda kule kwa muda alikuwa na mwaka wa nane sasa, na mgongo wake ulikwisha kuchukua umbo la kazi.

"Ni kwa faida yako, dada," alisema Shemeji. "Macho ni kitu cha kuogopa."

Bi Wembe aliichukua barua. Alikuwa na maneno mdomoni ambayo yangemfukuzisha hapo hapo, akayameza, yakashuka yakikwaruza.

Daktari wa macho alikuwa na chumba kimoja chenye kiti kimoja, ubao wa herufi, na meza iliyojaa vitu ambavyo ungedhani vimeanguka pale kutoka angani. Mwenyewe alivaa miwani minene kama chini ya chupa, jambo ambalo halikumtia moyo mgonjwa. Aliisoma barua, akamkalisha, akamsomesha herufi kubwa mpaka ndogo, akamwekea vioo vya duara machoni, akavitoa, akamulika ndani, akaguna.

"Soma mstari wa mwisho."

Bi Wembe akausoma. Akasoma na jina la kiwanda kilichochapisha ubao, chini kabisa, pembeni.

"Hilo hata mimi sijawahi kuliona," alisema daktari, akasogea kulitazama. "Mama, una macho ya mbali ya msichana. Ya karibu yamechoka kidogo, ni umri, na hii miwani yako ya dukani inatosha. Nani kakwambia huoni?"

Ndipo Bi Wembe akasimulia. Alisimulia kwa hasira, kwa hiyo alisimulia vizuri: jiwe, alama, mstari, nne, nne, nne. Daktari alisikiliza akichezea kalamu. Aliposikia kwamba kosa halibadiliki taa ikiinuliwa, aliacha kuichezea.

"Kati ya taa na jiwe kuna nini?"

"Maji yakishaanza. Kabla ya hapo, hewa. Na kioo cha Shemeji."

"Kioo gani?"

"Kioo tu cha mlango. Kisafi, anakifuta kila siku. Kimeinamishwa ili tope liteleze."

Daktari alicheka peke yake. Kisha akafukua mezani, akatoa kipande cha kioo kinene alichokitumia kuzuia karatasi zisipeperuke, akachora mstari mmoja mrefu kwa rula kwenye karatasi, na kukilaza kioo juu yake kikiuvuka katikati.

"Tazama kwa juu, wima."

Bi Wembe akainama. Mstari ulipita chini ya kioo na kutoka upande wa pili, umenyooka.

"Sasa sogeza kichwa pembeni. Utazame kwa mshazari."

Akasogeza. Mstari ukakatika. Kipande kilichokuwa chini ya kioo kiliruka pembeni, na vipande viwili vya nje vikabaki pale pale, kama reli iliyong'olewa katikati. Akarudisha kichwa, ukaungana. Akakisogeza tena, ukakatika. Alifanya hivyo mara tano, na daktari hakumharakisha.

"Mwanga ukiingia kwenye kioo hupunguza mwendo," alisema. "Ukiingia wima, unapita moja kwa moja, hakuna neno. Ukiingia kwa mshazari, unapinda kidogo. Ukifika uso wa pili unapinda tena kurudi, na kwa kuwa nyuso mbili za kioo zinakwenda sambamba, unapinda kiasi kilekile. Kwa hiyo unatoka ukielekea kulekule ulikokuwa unaelekea."

"Kama unaelekea kulekule, umekosea wapi?"

"Umehama njia. Ni sawa na mtu aliyeingia nyumba kwa mlango wa mbele, akakata chumba kwa mshazari, akatokea mlango wa nyuma. Bado anakwenda sokoni, lakini yuko uchochoro wa pili."

Bi Wembe aliufuata uchochoro ule kwa kidole juu ya karatasi. Halafu akauliza swali la mtu anayekata mawe. "Uchochoro wa pili ni umbali gani?"

"Inategemea unene wa kioo na mwinamo wake. Taa iwe juu au chini, haibadilishi kitu. Unene gani?"

"Kumi na mbili. Digrii arobaini na tano. Si arobaini na nne, si arobaini na sita."

Daktari alibonyeza simu yake kwa muda, akirudia mara mbili kwa sababu vidole vilikuwa vinene. "Kwa kioo cha kawaida, kwa mwinamo huo, mruko ni kama theluthi moja ya unene. Wako unakuja tatu nukta tisa na kitu. Sema milimita nne."

Aliinua uso akamkuta mgonjwa wake analia. Si sana, machozi mawili matatu hivi, lakini kwenye chumba cha macho yalionekana sana. Bi Wembe aliona haya, akayafuta kwa barua ya Bosi. Alikuwa amefurahi. Wiki tatu alikuwa akiamka asubuhi na kutazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine, na kumbe mikono haikuwa na kosa, wala macho.

"Yule hukagua leza kila siku," alisema. "Mbele ya watu. Na ipo sawa."

"Na kioo kikiwa wapi?"

Bi Wembe alifungua mdomo ajibu. Akaiona asubuhi nzima mbele yake, ngazi, kitambaa, kengele, na ile droo ikitoka. "Kwapani," akasema, na safari hii walicheka wote wawili.

Daktari akaandika jibu chini ya barua ileile, juu ya machozi, akagonga muhuri.

Alhamisi asubuhi bamba jeusi lilikuwa limeshafika, limefunikwa turubai, na watu wote walikuwa wamepata sababu za kusimama karibu. Bi Wembe aliingia na aproni yake, barua mfukoni. Kabla hajaitoa aliitwa kutoka juu. Shemeji alikuwa juu ya ngazi, anang'ara.

"Dada, nimekusaidia," alisema. "Nimesema labda kioo kile kilikuwa chepesi, kinatikisika, kinakuchanganya macho. Nimeweka kingine. Milimita kumi na tisa. Hiki hata tembo akikikalia hakisemi kitu. Pembe ni ileile."

Mtu mwingine angekasirika. Bi Wembe aliona mlango umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Theluthi ya kumi na tisa, alipiga hesabu kichwani, ni sita na kidogo. Akachukua chaki, akaenda kwenye ukuta wa saruji nyuma ya mashine, akaandika kwa herufi ambazo hata Bosi angeziona kutoka ofisini: KITAPUNGUA MILIMITA SITA.

"Nini hiyo?" aliuliza Bosi, ambaye alikuwa ametoka na kikombe.

"Ni kosa langu la leo, Bosi. Nimeliandika mapema ili nisiwachoshe na kupima." Akageuka. "Lakini sitaliweka kwenye jiwe la hospitali. Naomba kipande cha bure kikatwe sentimita sitini."

Bosi alitazama chaki, akatazama turubai. "Mpeni," akasema.

Kikawekwa kipande cha kijivu kilichobaki kwenye ngazi za mtu. Bi Wembe akavaa miwani, akapima, akatia alama. Kisha akaivua, akarudi hatua mbili.

"Akate Shemeji."

Shemeji alitabasamu, maana hakuona shimo, na nyani haoni kundule hata ukimletea kioo, tena kioo alichokiweka mwenyewe. "Mimi?"

"Macho yako mazima. Na mashine ni yako kuanzia leo, kama yangu ni mabovu. Penseli ile pale, iweke juu ya mstari."

Hakuwa na pa kutokea. Alishuka, akakunja mikono ya shati, akasukuma jiwe, akainama, akafumba jicho moja kwa ufundi mkubwa. "Njooni mtazame," alisema, na watu wakaja. "Alama iko juu ya mstari?"

"Iko," wakasema.

"Mashahidi ni nyinyi."

Akabonyeza. Leza ikazimika, maji yakamwagika, diski ikalia. Iliponyamaza, Bosi mwenyewe aliweka kikombe chini akachukua rula ya chuma. Alipima mara moja. Akafuta kipande kwa kiganja, akapima tena. Watu hawakuhitaji kuuliza, walimwona akigeuka taratibu kutazama ukuta.

"Hamsini na tisa," alisema, "na milimita tatu, karibu nne." Akaweka rula chini. "Imepungua sita."

"Leo kuna vumbi," alisema Shemeji, akijisugua jicho.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kicheko. Bi Wembe alipanda ngazi mpaka kwenye leza. Akaiwasha, kioo kikiwa mahali pake, vipande viwili vya jiwe vikiwa bado mezani na mkato kati yao. Kwa mara ya kwanza tangu kioo kiwekwe, watu waliona mstari na mkato pamoja, kioo kikiwa ndani. Mstari mwekundu ulikuwa umekaa kushoto, mbali na mdomo wa mkato, mtu angeweza kupitisha penseli katikati.

Akakishika kioo kwenye reli, akakivuta polepole. Kilipotoka chote, mstari uliruka ukatua mdomoni mwa mkato. Akakirudisha, ukaruka kushoto. Akakitoa, ukarudi.

"Kila asubuhi tunakagua leza ambayo hatuitumii," alisema. "Tunakagua isiyo na kioo, halafu tunakatia yenye kioo. Mwanga ukipita kwenye kioo kilichoinama unasogea pembeni, na hiki kinausogeza kushoto. Kile cha kwanza kilisogeza nne, hiki kinene kinasogeza sita. Ukiweka cha mlango wa benki utakata mpaka kwa jirani."

"Kioo ni kisafi," alisema Shemeji kwa sauti ndogo. "Mwanga unapita."

"Unapita, shemeji yangu. Ndiyo, unapita. Ila unapitia uchochoro wa pili."

Bosi aliomba barua. Bi Wembe akaitoa mfukoni, imekunjamana, wino umetawanyika mahali. Bosi akaisoma kimya, akafika mwisho, akarudi kuisoma kwa sauti, kwa sababu alijua watu hawangefanya kazi mpaka wasikie.

"'Mgonjwa ana macho mazima kuliko ya aliyempima. Kinachohitaji kuchunguzwa ni kioo, na aliyekiweka.'"

Aliikunja. Alionekana kama mtu anayefikiria chakula cha jioni na atakaowakuta mezani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya ndoa yake: alimpa shemeji yake barua ile. "Daktari anafunga saa kumi," akasema, na akachukua kikombe chake akaenda.

Kwa kweli dawa ilikuwa ndogo. Bi Wembe hakukitupa kioo, maana tope bado lilikuwa tope, na wazo bado lilikuwa zuri. Alirudisha kile cha milimita kumi na mbili kwa sababu kilikuwa chepesi kunyanyua, akalegeza skrubu mbili za mkono wa taa, na huku kioo kikiwa ndani akaisogeza taa kulia mpaka mstari ukatua kwenye mdomo wa mkato. Akakaza. Akakata kipande kingine cha bure. Akavaa miwani asome tepu, kwa kuwa tepu ni kitu cha karibu na umri ni umri.

"Sitini," alisema. Ikapimwa na watatu. Ilikuwa sitini.

Ndipo wakavuta turubai. Alilikata bamba jeusi mkato mmoja, polepole, na hakupumua vizuri mpaka maji yalipokoma. Bosi alipima akiwa amepiga magoti kama mtu anayesali, akasimama, akamshika bega, akaondoka haraka kabla hajaulizwa habari ya kuomba radhi.

Kesho yake asubuhi jiwe lilikuwa mezani, nusu limekatwa, kama kawaida. Shemeji alipanda ngazi, kengele zikilia kidogo kuliko jana. Kioo kilikuwa kimechafuka. Akatoa kitambaa, akashika ukingo wa kioo, akaanza kukivuta.

Karakana nzima ikakohoa.

Shemeji alibaki na mkono hewani. Kisha akakisukuma kioo ndani mpaka kikagota, akapitisha kitambaa juu yake papo hapo kilipo, na akawasha leza. Mstari ukashuka, ukatua. Hakuuliza mashahidi. Alimtazama Bi Wembe kule chini, akangoja.

Bi Wembe alikaza mkanda wa aproni yake, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hapo hapo," akasema. "Shuka, tuna kazi."